Laini Imepotea, Akaunti Imebaki

Laini ikipotea, nenda kwanza kwenye duka la mtandao wako ukairudishe namba ileile. Kwa Tanzania unataja namba yako ya NIDA, unaweka kidole, unapewa laini mpya yenye namba ya zamani, na akaunti zako zinaendelea kama kawaida. Barua inahitajika njia hiyo inapoziba.

Tuchukue mama muuza vitenge wa Mwanza anayeuza kupitia programu ya simu. Laini iliyopotea ilisajiliwa kwa kidole cha kaka yake, na kaka yuko Muscat. Dukani hawawezi kumpa. Kila akijaribu kuingia, namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini ambayo hanayo.

Wengi hapo huandika: “Nimepoteza laini, naomba mnibadilishie namba.” Mhudumu hawezi kulifanyia kazi ombi hilo, kwa sababu mwizi anayeitaka akaunti angeandika maneno hayohayo. Barua inayosaidia hutaja mambo anayoyajua mwenye akaunti, na ambayo mhudumu anaweza kuyalinganisha na kumbukumbu zake:

“Ndugu, naomba kuhamisha akaunti ya duka langu kutoka namba inayoishia 418 kwenda inayoishia 062. Laini ya zamani ilipotea tarehe 3 Machi. Siwezi kuirudisha kwa kuwa ilisajiliwa kwa jina la kaka yangu aliyeko nje ya nchi. Akaunti niliifungua mwaka 2021 kwa jina lililo kwenye kitambulisho changu. Malipo ya mwisho niliyopokea ni shilingi 46,000, tarehe 28 Februari, kwa vitenge viwili. Naomba mzuie fedha kutoka mpaka mtakapojiridhisha. Nimeambatisha ripoti ya polisi ya upotevu wa mali.”

Katika barua halisi, namba zote mbili ziandikwe kamili, zikianza na +255 bila ile sifuri ya mwanzo. Ombi la kuzuia fedha lisisahaulike, maana aliyeiokota laini anaweza kuwa anapokea namba za uthibitisho wakati barua ikisubiri kusomwa. Tena, itume kutoka barua pepe iliyosajiliwa kwenye akaunti, kama ipo. Hiyo peke yake ni ushahidi mzito, kwani mwokotaji wa laini hana nywila yake.

PIN na nywila hazina nafasi humo. Mhudumu wa kweli anaweza kutuma namba ya uthibitisho kwenye laini mpya, nawe ukaiingiza mwenyewe ndani ya programu. Akitokea mtu anayekupigia ili umtajie namba hiyo, kata simu.

Majibu huja na namba ya kumbukumbu. Endelea kujibu ujumbe uleule badala ya kufungua ombi jipya kila siku, la sivyo maelezo yako yatatawanyika kwa wahudumu tofauti. Usikawie pia: laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, kisha namba yake huuzwa kwa mteja mwingine, na huyo ndiye atakayeanza kupokea ujumbe wa akaunti yako.