Maneno Yaliyofichwa Ujerumani Peke Yake

Mwezi wa Septemba mwaka 2012, Wizara ya Mambo ya Ndani ya jimbo la Saksonia ya Chini, huko Ujerumani, ilipiga marufuku kundi la Wanazi mamboleo lililojiita Besseres Hannover, na tarehe 25 ya mwezi huo polisi wa mji wa Hannover wakaiandikia kampuni ya Twitter barua ya kuiarifu kwamba kundi limevunjwa, mali yake imetwaliwa, na kwa hiyo akaunti yake yapasa kufungwa mara moja wala isifunguliwe nyingine badala yake. Barua ile haikuomba akaunti ifichwe machoni pa Wajerumani. Iliomba ifungwe kabisa. Kampuni ikatenda lililo dogo kuliko lililoombwa: mwezi wa Oktoba iliisitiri akaunti kwa wasomaji walio Ujerumani, ikaiacha wazi kwa walimwengu wengine wote. Msomaji wa Berlin alikuta kisanduku cha kijivu kilichosema kwamba akaunti imezuiwa katika nchi yake, na saa ile ile msomaji wa Vienna au wa Mombasa aliweza kuyasoma maneno yale yale bila pingamizi.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kampuni ile kuutumia uwezo iliokuwa imeutangaza tarehe 26 Januari mwaka ule ule. Kabla ya hapo, ilipolazimika kuondoa andiko kwa sababu ya sheria ya nchi moja, haikuwa na njia ila kuliondoa duniani kote, hata katika nchi ambazo sheria zake hazikuwa na neno juu yake. Mwenye insafu atakiri kwamba utaratibu mpya ulikuwa na nafuu. Lakini ulisimama juu ya nguzo mbili ambazo watu aghalabu huzichanganya: ombi la kisheria, ambalo ni waraka ulioandikwa na mtu mwenye cheo, na makisio ya mahali alipo msomaji, ambayo ni kazi ya mashine na huweza kukosea.

Asili ya makisio hayo yapasa kutafutwa Paris. Mwaka 2000 vyama viwili, kimoja cha kupinga ubaguzi wa rangi na kingine cha wanafunzi wa Kiyahudi, viliishitaki kampuni ya Yahoo kwa sababu katika mnada wake wa mtandaoni viliuzwa vitu vya Wanazi, jambo ambalo sheria ya jinai ya Ufaransa hairuhusu kuonyeshwa. Yahoo ilijitetea kwamba mitambo yake iko Marekani na haiwezi kumtambua Mfaransa miongoni mwa wageni wake. Jaji Jean-Jacques Gomez hakuridhika na jawabu hilo, akaita mabingwa watatu, akiwamo Vinton Cerf, mmoja wa waasisi wa mtandao, awaulize kama utetezi huo ni wa kweli. Wakamwambia kwamba kwa kuitazama anwani ya mtandao wangeweza kutambuliwa yapata wasomaji 70 katika kila 100 walioko Ufaransa, na kwamba wageni wakitakiwa pia kutaja nchi yao wenyewe, hesabu ingekaribia 90. Tarehe 20 Novemba jaji akaamuru Yahoo iwazuie Wafaransa kuvifikia vitu vile, akaipa miezi 3, na baada ya hapo faida ya ukaidi ingekuwa faini ya faranga 100,000 kwa kila siku.

Wale waliosalia nje ya hesabu wanastahili kuangaliwa, maana habari yao haijesha hata leo. Anwani ya mtandao ni mfuatano wa tarakimu ambao mashirika matano ya kanda, la Afrika likiwa na makao Morisi, huwagawia watoa huduma kwa mafungu. Na wafanyabiashara wa maarifa hayo hutengeneza daftari linaloonyesha fungu gani limo nchi gani. Daftari hilo basi humjua mwenye fungu, na kwa kumjua humkisia msomaji. Katika kesi ya Paris ilidhihirika kwamba wateja wa kampuni ya AOL waliokuwa Ufaransa walionekana kana kwamba wako jimbo la Virginia, kwa kuwa ndiko anwani zao zilikosajiliwa. Siku hizi msafiri anayetoka Nairobi akafika Frankfurt na laini yake ya simu ya nyumbani, data yake kwa kawaida hurudishwa kupitia mitambo ya Kenya, na mtandao humhesabu kuwa Mkenya aliyetulia kwao. Akijiunga na mtandao wa hoteli, mara hiyo hiyo amekuwa Mjerumani, na kilichokuwa mbele ya macho yake chaweza kutoweka.

Twitter iliujua udhaifu huo, na kwa hiyo iliacha katika mipangilio ya akaunti nafasi ya mtu kusahihisha nchi yake endapo mashine imemkosea. Matokeo yake yalikuwa dhahiri: Mjerumani aliyebadili nchi katika mipangilio yake aliweza kuiona tena akaunti ya Hannover, bila ya ufundi wowote na bila ya kuondoka kitini. Wako waliolaumu kwamba huko ni kuikejeli sheria. Mimi naona vingine: sheria ya Ujerumani ilitiiwa kwa kadiri ambayo kukisia mahali huruhusu, na kila aliyetaka zaidi ya hapo alikuwa anataka, apende asipende, ama kufuta andiko duniani kote ama kumtaka kila msomaji aonyeshe hati ya kusafiria kabla ya kusoma.

Kwa msomaji wetu, lililo muhimu ni kupambanua kizuizi kimoja na kingine. Kampuni ikiwa imezuia kwa ombi la kisheria, ukurasa hufunguka lakini kitu kimoja hakipo, na pahali pake pana maelezo yanayotaja nchi. Tovuti nyingine hutoa ishara `451 Unavailable For Legal Reasons`, iliyowekwa rasmi mwaka 2016 kwa madhumuni hayo hayo. Dola ikiwa imewaamuru watoa huduma wafunge njia, kama ilivyotokea Tanzania Mei 2025 mtandao wa X ulipozuiwa, hakuna maelezo yoyote: mtandao mzima hunyamaza, ukurasa huzunguka hata ukachoka, na mtu asiyejua hudhani kifurushi chake kimekwisha. Katika hali ya kwanza mipangilio ya nchi yaweza kuwa na athari. Katika hali ya pili haina athari yoyote, kwa kuwa ombi la msomaji halifiki kwenye mitambo ya kampuni.

Lakini kisanduku cha kijivu hakitoshi. Barua ya polisi wa Hannover tunaijua kwa sababu kampuni iliitoa hadharani, na katika tangazo lake la Januari ilikuwa imeahidi kupeleka maombi ya namna ile kwenye hazina ya Chilling Effects, ambayo tangu mwaka 2015 huitwa Lumen na hutunzwa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kwa barua hiyo mtu yeyote aliweza kupima nani aliomba, kwa sheria gani, na kama alichopewa kilizidi au kilipungua. Kizuizi kisicho na waraka wake hakipimiki, na mwandishi aliyefichwa hana hoja ya kupeleka mbele ya mahakama. Tangu Aprili 2023 kampuni hiyo, ambayo sasa inaitwa X, haipeleki tena nakala za maombi kwenye hazina ile. Yapasa irejee ahadi yake, na wabunge wetu, watakapotunga sheria za mtandao, waandike kwamba ombi lolote la kuficha maneno ya raia liwekwe hadharani pamoja na jina la ofisi iliyoliandika.