Mbwa sita kwenye skrini: kizimba, daraja na odi

Wasikilizaji wetu wa Kwa Sadala wametuuliza kama kuna namba inayoshinda zaidi kwenye mbio za mbwa zinazoonyeshwa katika vibanda vya kubeti. Kwanza angalia ni mbio zipi. Zile zinazorudi kila baada ya dakika chache mara nyingi ni katuni za kompyuta. Humo mshindi huchaguliwa na programu, hakuna kona wala matope, na namba 1 kushinda mara tatu mfululizo hakukuambii chochote kuhusu mbio ya nne.

Mbio za mbwa hai, kama zile za Uingereza, ni jambo jingine. Mbwa ni sita, na kila kizimba kina rangi yake: 1 nyekundu, 2 bluu, 3 nyeupe, 4 nyeusi, 5 ya chungwa, 6 milia ya nyeusi na nyeupe. Wakifika kona ya kwanza hubanana. Anayependa kukimbilia ndani hupangwa vizimba vya chini, na anayepanuka huandikiwa W na kupangwa 5 au 6. Kwa hiyo usihesabu namba peke yake. Mwenye kasi ya kutoka, aliye kando ya mbwa mzito kuanza, hupata njia hata akiwa katikati.

Halafu kuna daraja. Meneja wa uwanja huwapanga mbwa kwa muda waliokimbia karibuni, na A1 ndilo la juu. Akishinda hupandishwa, akichelewa hushushwa. Aliyeshuka kutoka A4 hadi A6 kwa sababu alibanwa kwenye kona mara mbili bado ana mbio zake. Aliyeshuka kwa uzee au maumivu hana, na kwenye skrini wote wawili hufanana. Bila kadi ya mbio inayoeleza alivyokimbia, hapo unabahatisha tu.

Sasa odi. Tuseme sita hao wamepewa 3.00, 4.00, 4.50, 5.00, 6.00 na 8.00. Ukitaka kurudishiwa shilingi 10,000 yeyote atakayeshinda, gawanya 10,000 kwa kila odi: 3,333, 2,500, 2,222, 2,000, 1,667 na 1,250. Jumla ni 12,972. Umelipa karibu 13,000 kupokea 10,000, na tofauti hiyo ni ya kampuni kabla mbwa hawajatoka.

Ndiyo maana kumjua mbwa mzuri hakutoshi. Huyu wa 4.50 anatakiwa ashinde zaidi ya mara 22 katika mbio 100 za namna hiyo ndipo odi yake ikufae. Ukiona atashinda mara 20, muache, hata kama ndiye unayemwamini kuliko wenzake watatu wa odi kubwa. Na katika mbio nyingi, ukipiga hesabu hii kwa wote sita, hapatikani hata mmoja wa kuchezwa.