Usimuulize Kama Ana Kunguni

Getini Sinza, saa nne asubuhi. Kijana mwenye pampu mgongoni anapiga hodi, mama mwenye nyumba anachungulia, na swali la kwanza linalomtoka kijana ni hili: "Mama, una kunguni?" Jibu ni hapana, na geti linafungwa. Huenda usiku uliopita mama huyo hakulala kwa kujikuna, lakini kunguni ni aibu ya chumbani. Hakuna anayeikiri mbele ya mtu asiyemjua, jirani akiwa anaanika nguo hatua tatu kutoka hapo.

Wanaouza huduma ya kupulizia dawa nyumba kwa nyumba hupoteza kazi nyingi kwenye sentensi hiyo moja. Ndiyo maana inafaa maneno ya mlangoni yaandikwe kabla ya kutoka nyumbani. Yanaweza kuwa hivi: "Shikamoo mama. Napulizia dawa ya wadudu wa majumbani, leo nazunguka mtaa huu. Naomba dakika mbili tu." Akiitikia, lifuate swali lisilomvua mtu nguo: "Hapa mtaani ni wadudu gani wanasumbua zaidi, mende, kunguni au wengine?" Sasa mama anausemea mtaa, si kitanda chake. Wengi huanza na mende, kisha sauti inashuka: "Na hawa wengine pia wapo."

Hapo muuzaji anyamaze kidogo, halafu aulize vyumba viko vingapi na kama kuna mtoto mchanga au mwenye pumu. Maswali hayo si mapambo. Idadi ya vyumba ndiyo inayopanga bei, na mtoto au mgonjwa ndiye anayeamua dawa ipi itumike na familia ikae nje kwa muda gani. Bei itajwe baada ya majibu, kwa jumla moja, pamoja na kuonyesha lebo ya dawa iliyosajiliwa na TPHPA.

Pingamizi gumu kuliko yote ni hili: "Tulipuliziwa mwaka jana, wakarudi." Muuzaji asiyejua kazi yake huanza kumponda aliyemtangulia. Anayeijua hueleza: kunguni hutaga kwenye mishono ya godoro na nyufa za kitanda, na dawa nyingi za kupulizia huua wakubwa huku mayai yakisalimika. Mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi. Aliyepulizia mara moja akaondoka amewaachia uwanja watoto wao. Kwa hiyo bei anayotaja ni ya safari mbili, ya pili ikiwa siku ya 14, kabla watoto hao hawajakua na kuanza kutaga.

Jibu lingine la kila siku ni "ngoja nimuulize baba watoto." Wakati mwingine ni kukataa kwa adabu, wakati mwingine ni kweli. Njia ya kuzitofautisha ni kuuliza: "Sawa mama. Anarudi lini, nipige saa ngapi?" Anayetaja siku na saa ana nia. Anayesema "utapita tu" aachwe kwa salamu nzuri.

Namba ya simu iombwe pamoja na ruhusa ya kupiga. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, simu isiyotarajiwa hupokelewa kwa ukali. Jioni hiyohiyo unatumwa ujumbe mfupi wenye jina la muuzaji, idadi ya vyumba na bei waliyozungumza. Simu inapigwa siku iliyotajwa, si wakati wa magharibi wala Ijumaa adhuhuri. Isipopokelewa, inarudiwa mara moja siku nyingine, basi.

Yote haya yanakaa kwenye daftari: nyumba, namba, alichosema mteja kwa maneno yake, na tarehe ya kumrudia. Daftari hilo ndilo linaloonyesha maneno yanapovunjikia. Tuseme kijana amegonga mageti 30, yakafunguliwa 18, lakini waliolijibu swali la wadudu ni 4 tu. Bei haina kosa hapo, kwa kuwa wengi hawakufika kuisikia. Kinachofukuza watu ni salamu au utambulisho. Kama wangejibu 12 na wote wakaguna kwenye bei, angechunguza namna anavyoieleza ile safari ya pili. Abadilishe sentensi moja, aijaribu kwa wiki nzima, ahesabu tena. Akibadilisha tatu kwa mpigo hatajua ipi imesaidia.

Kisha kuna wanaokariri hadi wanaghani. Dalili yake ni mteja kusema "hatuhitaji" kabla swali halijaisha. Kinachopaswa kukaa kichwani ni mpangilio wa maswali. Maneno yenyewe yanaweza kupinda kumfuata aliyesimama getini.

Siku ya 14 kijana anarudi Sinza kwa mama aliyekubali. Anageuza godoro, anamulika mishono kwa tochi na kumwonyesha: mabaka meusi ya zamani yapo, mdudu hai hayupo. Anapulizia tena. Mama, ambaye wiki mbili nyuma hakutaka jirani asikie, anamwita jirani huyohuyo ukutani: "Njoo, huyu kijana wa dawa yupo."