Kinsevere: Mshahara mkubwa, saa ya bei ndogo

Mgodi wa shaba wa Kinsevere uko kilomita kama 30 kaskazini mwa mji wa Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga. Tangu mwaka 2012 uko mikononi mwa kampuni MMG, iliyoinunua kampuni ya Anvil Mining. Kama ilivyo katika migodi mingine ya Katanga, watu wanaofanya kazi kwa ajili ya mgodi hawaandikwi wote na bwana mmoja. Wengine wana mkataba na mgodi wenyewe, wengine na kampuni zinazopewa kazi: za magari, za ulinzi, za chakula, za ujenzi. Hivyo si ajabu kukuta mafundi wawili walioketi darasa moja, wenye diploma moja na miaka sawa ya kazi, lakini saa zao hazifanani na mishahara yao haifanani.

Mwisho wa mwezi wakikutana, kila mmoja anataja jumla aliyoipokea. Mwenye jumla kubwa anaonekana amefanikiwa. Lakini jumla ya mwezi haisemi saa moja ya mtu inanunuliwa kwa bei gani. Ili kujua hilo lazima kufanya hesabu, na hesabu hiyo ina mtego mmoja unaowapotosha wengi: saa ya mapumziko isiyolipwa.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya hesabu. Si malipo ya kampuni fulani, lakini ratiba zake ni za namna inayojulikana na wafanyakazi wengi wa Lubumbashi.

Mafundi wawili, ratiba mbili

Fundi wa kwanza anatengeneza magari makubwa katika karakana ya mjini. Kuanzia siku ya kwanza hadi siku ya tano anaingia saa 1 na nusu asubuhi na kutoka saa 10 na nusu alasiri, akiwa na saa moja ya kula ambayo hailipwi. Siku ya posho anafanya kazi kuanzia saa 1 na nusu hadi saa 6 na nusu, bila mapumziko. Mshahara wake wa msingi ni dola 585 kwa mwezi.

Fundi wa pili anafanya kazi ileile kwa kampuni ileile, lakini kwenye mgodi. Anaingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 10 alasiri, siku sita kwa juma. Naye ana saa moja ya mapumziko isiyolipwa kila siku. Yeye anapata dola 680.

Kwa macho, fundi wa pili amemshinda mwenzake kwa dola 95. Sasa tuhesabu saa.

Fundi wa kwanza anakaa kazini saa 9 kwa siku mara tano, yaani 45, pamoja na saa 5 za siku ya posho. Jumla ni saa 50. Tunatoa saa 5 za mapumziko, zinabaki saa 45 za kazi kwa juma. Fundi wa pili anakaa kazini saa 10 mara sita, yaani 60. Tunatoa saa 6 za mapumziko, zinabaki 54.

Mshahara ni wa mwezi, basi saa za juma nazo lazima zigeuzwe kuwa za mwezi. Hapa wengi wanazidisha kwa 4, na hilo ni kosa, kwa sababu mwaka una majuma 52, si 48. Njia sahihi ni kuzidisha saa za juma kwa 52, kisha kugawanya kwa 12. Saa 45 za juma zinakuwa 195 kwa mwezi. Saa 54 zinakuwa 234.

Kilichobaki ni kugawanya. Dola 585 kwa saa 195 ni dola 3 kamili kwa saa. Dola 680 kwa saa 234 ni dola 2 na senti 91. Yule mwenye mshahara mdogo ndiye anayelipwa vizuri zaidi kwa saa.

Pale ugomvi unapoanzia

Hesabu hii inaweza kupinduka ikiwa watu wawili hawatumii kipimo kimoja. Tuseme fundi wa kwanza anahesabu saa zote anazokaa karakana, hata saa ya kula, kwa sababu kwake hizo ni saa ambazo hayuko nyumbani. Saa 50 kwa juma ni karibu saa 217 kwa mwezi, na dola 585 zinakuwa dola 2 na senti 70 kwa saa. Mwenzake wa Kinsevere, aliyekwisha kutoa mapumziko yake, ana dola 2 na senti 91. Ghafla mshindi amebadilika, ijapokuwa hakuna hata franka moja iliyoongezwa kwenye karatasi ya mshahara ya yeyote.

Basi kanuni ni moja: ukitoa mapumziko kwa mmoja, yatoe kwa wote wawili, ukiyaacha kwa mmoja, yaache kwa wote. Mapumziko yakihesabiwa kwa wote, fundi wa kwanza anabaki na dola 2 na senti 70, na wa pili, aliyekaa saa 260 kwa mwezi, anapata dola 2 na senti 62. Tarakimu zimeshuka, lakini fundi wa mjini bado yuko mbele.

Mapumziko yenyewe lazima yawe mapumziko ya kweli. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inahesabu muda wa kazi tangu mfanyakazi anapokuwa kwenye mahali pa kazi, tayari kwa amri ya mwajiri, hadi ratiba inapofungwa. Fundi anayekula huku redio ya mawasiliano iko masikioni, ambaye akiitwa lazima aache sahani na kukimbilia gari lililokwama, ana haki ya kuuliza kama saa ile kweli ni yake. Ikiwa hivyo ndivyo anavyokula kila siku, saa zake za kazi si 54, ni 60, na saa yake moja inalipwa dola 2 na senti 62. Mwenzake anayetoka karakana na kwenda kula anapotaka bado anabaki na dola zake 3.

Safari ni jambo jingine. Kutoka Lubumbashi hadi mgodini, basi linaondoka gizani na kurudi jioni. Sheria hiyohiyo inasema muda wa kwenda kazini na kurudi hauhesabiwi kuwa kazi, isipokuwa safari yenyewe ikiwa sehemu ya kazi. Fundi wa Kinsevere anaweza kuuweka muda huo katika hesabu yake ya maisha, lakini asiutegemee anapodai malipo.

Dola 95 zinanunua nini?

Kuna swali lililo zito kuliko tofauti ya senti 9. Fundi wa pili anafanya saa 39 zaidi ya mwenzake kila mwezi, na kwa hizo anapata dola 95 zaidi. Gawanya: kila saa ya nyongeza inamletea dola 2 na senti 44. Yaani saa zake za kuchoka zaidi ndizo zinazolipwa bei ndogo zaidi.

Sheria inataka kinyume chake. Muda wa kawaida hauwezi kupita saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Saa zinazopita 45 ni saa za ziada. Kila moja ya saa 6 za kwanza inaongezewa asilimia 30, na zinazofuata asilimia 60. Saa zinazofanywa siku ya mapumziko ya juma zinaongezewa asilimia 100.

Tuchukue bei ya mwenzake, dola 3. Fundi wa pili ana saa 9 za ziada kwa juma. Sita za kwanza zingelipwa dola 3 na senti 90 kila moja, jumla dola 23 na senti 40. Tatu zilizobaki zingelipwa dola 4 na senti 80 kila moja, jumla dola 14 na senti 40. Kwa juma ni dola 37 na senti 80. Kwa mwezi ni karibu dola 164. Ukiongeza 585 za msingi, mshahara wake ungefika karibu dola 749. Yeye anapokea 680. Pengo ni karibu dola 69 kila mwezi.

Hapa ndipo kanuni ya mshahara sawa inapoingia. Kifungu cha 86 cha sheria ya kazi kinasema kwamba penye hali sawa ya kazi, ujuzi sawa na mazao sawa ya kazi, mshahara uwe sawa kwa wafanyakazi wote, bila kujali asili, jinsia wala umri. Usawa huo hauonekani kwa kulinganisha jumla mbili za mwisho wa mwezi.

Kabla ya kupiga kelele

Hesabu hii ina mipaka yake. Kwanza, ilinganishe mshahara wa msingi kabla ya makato ya CNSS na ya kodi ya mapato. Mtu akileta alichopokea mkononi na mwingine akileta kilichoandikwa katika mkataba, hawalinganishi kitu kimoja. Pili, pesa za usafiri, za nyumba, matibabu na posho za watoto zinazowekwa na sheria hazihesabiwi kuwa mshahara. Fundi wa mgodini anaweza kuonekana tajiri kwa sababu tu pesa za nyumba zimeandikwa chini ya karatasi yake. Tatu, kwa kazi fulani, kama ulinzi, sheria inakubali muda mrefu zaidi wa kuwa kazini uhesabiwe sawa na muda wa kawaida, basi mlinzi asichukue hesabu ya fundi bila kuuliza. Na ikiwa mmoja analipwa kwa dola na mwingine kwa franka, wote wageuze kwa bei ya siku moja.

Karatasi ya mshahara ndiyo shahidi wa kwanza. Mwajiri analazimika kuitoa kila anapolipa. Ikiwa saa za ziada zina mstari wake na asilimia zake, angalia kama idadi inafanana na saa ulizofanya. Ikiwa karatasi ina jumla moja tu, uliza jumla hiyo imejengwa juu ya saa ngapi na bei gani ya saa moja.

Kwa sababu hiyo, daftari dogo lina nguvu kuliko maneno mengi: saa ya kuingia, saa ya kutoka, saa ya mapumziko, na kila mara mapumziko yalipokatwa. Likiwa na miezi michache ndani yake, linapelekwa kwanza kwa mjumbe wa sendika, na jibu lisipopatikana, kwa inspekta wa kazi, ambaye huwasikiliza wafanyakazi na waajiri kabla ya kesi kufika mahakamani. Huko hakuna atakayeuliza nani alipata zaidi mwisho wa mwezi. Wataangalia saa zilizofanywa na bei iliyolipwa kwa kila moja.