Hina ya Ijumaa, rangi ya Jumatatu

Shangazi alisuuza hina Ijumaa jioni, akajitazama kwenye kioo, akaniita. Mvi zake za pembeni mwa uso zilikuwa na rangi ya chungwa iliyoiva. "Mwanangu, nitatokaje nje hivi?" Alitaka kuziosha tena kwa shampuu. Nilimsihi asubiri hadi Jumatatu, na Jumatatu zilikuwa zimekolea, nyekundu ya udongo.

Hina haimalizi kazi inaposuuzwa. Kiini chake cha rangi hushikana na protini ya unywele, kisha hewa huendelea kukikoleza kwa siku mbili tatu. Mvi huonyesha mabadiliko haya waziwazi kwa kuwa hazina weusi wa kuyaficha. Maji yenye wekundu hafifu katika miosho miwili mitatu ya kwanza, au doa kwenye foronya, ni masalia tu ya hina.

Wanaofuatisha nili ili wapate weusi hushtuka zaidi, maana siku ya kwanza mvi zinaweza kuonekana za kijani. Nili nayo hukolezwa na hewa. Wape nywele siku mbili bila shampuu, kijani kigeuke kahawia iliyokolea au nyeusi. Kikibaki baada ya siku nne, hapo pana kasoro: mara nyingi hina haikukaa ya kutosha chini ya nili, au nywele zilikuwa na dawa nyingine.

Siku ya kumi shangazi aliniita tena, hina imetoka! Niliipasua njia ya nywele kwa kitana. Karibu na ngozi palikuwa na weupe usiofika nusu sentimita, na kutoka hapo hadi nchani wekundu ulikuwa uleule. Zile zilikuwa nywele mpya, kwani nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Rangi ikipauka kuanzia juu hadi nchani ndani ya wiki mbili, basi haikushika. Huenda nywele zilikuwa na mafuta, au unga ulikuwa umezeeka na kupoteza ukijani wake.

Linalonitia hofu hasa ni unga unaoitwa hina nyeusi, unaotoa weusi wa makaa ndani ya nusu saa. Jani la mhina halina weusi huo. Mara nyingi humo mna kemikali ya piko, iitwayo PPD. Rangi itapendeza, lakini itazame ngozi: muwasho unaozidi, malengelenge kwenye paji la uso au nyuma ya masikio, kope kuvimba. Kwa aliyekwisha kuizoea vibaya, dalili huja ndani ya siku moja hadi tatu. Kwa anayeipaka mara ya kwanza zinaweza kuchelewa hata wiki mbili, ndiyo maana wengi hulaumu sabuni mpya au chakula. Uso ukivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali mara moja, na umtajie daktari ulichopaka, hata kama ulikipaka wiki iliyopita.