Baba mwenye nyumba kabandika tangazo tena!

Wadau, mliopanga uani mnalijua hili. Unatoka asubuhi na mswaki mdomoni, unakuta karatasi ukutani: "WAPANGAJI WOTE HESHIMUNI TARATIBU." Kila mtu anasoma, anacheka, anajua anasemwa jirani. Wiki ikiisha mambo ni yaleyale.

Kwetu hapa Dar tuko vyumba nane, uwanja mmoja. Tangazo la kwanza lilikuwa la namna hiyo, likachanika na mvua. Mara ya pili mzee akaja Jumapili jioni, akatuita uani, akamuuliza kila mtu shida yake, ndipo akaandika. Hapo ndo nikaona tofauti.

Tuanze na maegesho. Jamaa wa bajaji alikuwa anaziba njia ya getini. Kumbe anaogopa wezi, akiiacha nje haitalala salama. Sasa bajaji inakaa ndani, lakini anayetoka alfajiri ndiye anayekaa karibu na geti, na mzee kapiga mstari wa rangi chini. Ndani ya mstari hakuna kuegesha, maana usiku kukiwa na moto au mgonjwa, watu wapite.

Taka nazo zilikuwa balaa: pipa moja la wote, la mtu hakuna. Sasa kila chumba kina kiroba chake chenye namba ya mlango. Kinatolewa asubuhi ya siku ya gari la taka, si usiku, maana mbwa wanakipasua. Kikipasuka, namba inaonekana, hakuna ubishi.

Kamba za nguo ndo zilileta ugomvi kabisa, mtu anaangusha nguo za mwenzie ili aanike zake. Zamu za kila siku zingeshindwa, kwa sababu wengi tunafua wikiendi. Basi vyumba vinne Jumamosi, vinne Jumapili, katikati ya wiki ni huru. Zilizokauka zianuliwe kabla ya magharibi. Na kuangusha nguo mbichi chini si utani: kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, funza wake anaingia kwenye ngozi na kutoa jipu. Ukiona nguo imeangukia mchangani, ipige pasi ya moto pande zote kabla ya kuvaa.

Ila na mwenye nyumba ana mipaka yake. Mpangaji akikaidi, asimkatie maji wala kumfungia chumba kwa kufuli. Aitwe, aonywe kwa maandishi yenye tarehe, ikishindikana waende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Na mkataba ukiisha, taratibu hizo ziandikwe kwenye mkataba mpya, mpangaji asome kabla ya kulipa kodi.

Siri ni hiyo tu: wapi, saa ngapi, zamu ya nani. "Heshimuni taratibu" haisemi hata kimoja.

Haya, huko mlikopanga mnafanyaje? Tiririkeni.