Sekunde 15 za Mama Ntilie

Sekunde 15 zinatosha maneno kama 30 ya Kiswahili, yakitamkwa bila pupa. Mama ntilie wa Posta, Dar es Salaam, mwenye mlo mpya na kipaza sauti, anaweza kusema hivi:

“Wa maofisini, karibuni! Wali maharage, samaki wa kukaanga, mchicha na juisi ya ukwaju, vyote shilingi 4,000 tu! Tupo chini ya mwembe, nyuma ya kituo cha daladala, kuanzia saa sita. Wali, samaki, juisi: 4,000!”

Bei inarudiwa kwa sababu mpita njia huenda akadaka nusu ya mwisho tu.

Wateja wakifika wanauliza “Shilingi ngapi?”, ujue bei imemezwa na honi. Hapo apunguze orodha ya vyakula, asiguse bei wala mahali.